Mstari wa kulala kwenye grafu mbili, na mahali mchapuko unaposomwa

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Tanga. Kwenye grafu ya umbali na muda tumeambiwa mstari ukilala kitu kimesimama. Halafu kwenye grafu ya kasi na muda mstari ukilala vilevile tunaambiwa kitu bado kinakwenda. Sielewi. Na mchapuko nausoma kwenye grafu ipi? Nikigawanya kasi kwa muda mara nyingine napata, mara nyingine nakosa.*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujautazama mstari wenyewe, weka kidole kwenye mhimili wa kusimama, ule unaopanda upande wa kushoto, usome kilichoandikwa hapo. Mstari wa grafu hauna la kukwambia juu ya mwendo mpaka ujue mhimili huo unapima nini. Mstari ukilala, maana yake siku zote ni moja: kile kinachopimwa pembeni hakibadiliki. Kama pembeni pameandikwa umbali, basi umbali haubadiliki, na kitu ambacho umbali wake haubadiliki kimesimama. Kama pembeni pameandikwa kasi, basi kasi ndiyo isiyobadilika, na kitu chenye kasi ya mita 4 kwa sekunde isiyobadilika kinazidi kukata mita 4 katika kila sekunde inayopita. Kwa hiyo hukupewa kanuni mbili zinazogombana. Ulipewa kanuni moja iliyotumika juu ya vipimo viwili.

Njia ninayoiamini zaidi ya kulifanya jambo hili likae ni kuchukua mwendo mmoja na kuuchora mara mbili, grafu moja juu na nyingine chini yake, huku mihimili ya muda ikiwa imelingana sekunde kwa sekunde. Wanafunzi wengi hufundishwa grafu ya kwanza wiki hii na ya pili wiki ijayo, kila moja na mfano wake, na ndiyo maana huziona kama vitu viwili visivyojuana. Ukizipanga moja juu ya nyingine utaona kwamba ya chini imezaliwa na ya juu.

Mfano wangu ni wa baiskeli, kwa kuwa mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa baiskeli. Asubuhi moja, kwenye kipande cha barabara kilichonyooka kuelekea Raskazone, niliweka alama za chaki ukingoni mwa lami, nikamwomba kijana mmoja apande baiskeli kuanzia alama ya kwanza huku mwenzake akirekodi kwa simu. Vipimo tulivyopata nimevisawazisha kidogo ili hesabu itoke bila desimali ndefu. Kijana alianza akiwa amesimama, akakanyaga pedali kwa sekunde 8 hadi kasi yake ikafika mita 4 kwa sekunde. Akaenda na kasi hiyo hiyo kwa sekunde 20. Kisha akabana breki, akasimama baada ya sekunde 4. Akatulia sekunde 10 akipumzika, mguu mmoja chini.

Tuanze na grafu ya chini, ya kasi na muda, kwa sababu kuichora ni rahisi zaidi. Kuanzia sekunde ya 0 hadi ya 8, mstari unapanda ukiwa umenyooka kutoka kasi 0 hadi kasi 4. Kuanzia ya 8 hadi ya 28 unalala kwenye 4. Kuanzia ya 28 hadi ya 32 unashuka ukiwa umenyooka hadi 0. Kuanzia ya 32 hadi ya 42 unalala tena, lakini safari hii umelala juu ya mhimili wenyewe, kwenye sifuri. Tazama hapo: katika grafu hii moja mna mistari miwili iliyolala, na mmoja ni wa kijana anayekwenda, mwingine ni wa kijana aliyesimama. Kinachowatofautisha ni kimo cha mstari tu.

Sasa mchapuko. Mchapuko, ule unaoandikwa kwa herufi a katika daftari lako, ni kiasi ambacho kasi inabadilika katika kila sekunde. Tafadhali shikilia neno "inabadilika". Kwenye grafu ya kasi na muda, badiliko la kasi ni kupanda au kushuka kwa mstari, na muda uliotumika ni mwendo wa kuelekea kulia. Ukigawanya la kwanza kwa la pili unapata mwinamo wa mstari. Hivyo mchapuko husomwa kama mwinamo wa grafu ya kasi na muda:

a = (v₂ − v₁) / (t₂ − t₁)

Katika kipande cha kwanza kasi imetoka 0 ikafika 4 ndani ya sekunde 8, hivyo mchapuko ni 4 ÷ 8 = 0.5 m/s². Maana yake kwa maneno ya kawaida ni kwamba kila sekunde iliyopita ilimwongezea kijana nusu mita kwa sekunde katika kasi yake: baada ya sekunde moja alikuwa na 0.5, baada ya mbili 1, baada ya tatu 1.5, na kuendelea. Katika kipande cha pili mstari umelala, mwinamo ni sifuri, mchapuko ni sifuri, ingawa baiskeli inakwenda vizuri tu. Katika kipande cha tatu kasi imetoka 4 ikafika 0 kati ya sekunde ya 28 na ya 32, hivyo (0 − 4) ÷ (32 − 28) = −1 m/s².

Hapa ndipo ninapoona kwa nini wewe mara unapata na mara unakosa. Unagawanya kasi kwa muda, yaani unachukua nukta moja kwenye mstari, unasoma kasi yake, unasoma muda wake, unagawanya. Katika kipande cha kwanza hilo linakupa jibu sahihi kwa bahati, kwa sababu mstari huo unaanzia pale kasi ilipo 0 na muda ulipo 0, na kwa hiyo kasi yenyewe ndiyo badiliko la kasi, na muda wenyewe ndio muda uliopita. Sasa jaribu njia hiyo hiyo kwenye sekunde ya 20. Kasi ni 4, muda ni 20, ukigawanya unapata 0.2, lakini mstari hapo umelala na mchapuko ni sifuri. Jaribu kwenye sekunde ya 32: kasi ni 0, ukigawanya kwa 32 unapata 0, ilhali kijana alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kubana breki. Dawa yake ni kutochukua nukta moja kamwe. Chukua nukta mbili zilizo kwenye kipande kimoja kilichonyooka, zikiwa mbali kadiri inavyowezekana ili kosa la kusoma kwa jicho liwe dogo, chora pembetatu kubwa chini ya mstari kwa penseli, kisha gawanya pande za pembetatu hiyo. Anayechora pembetatu kila mara hawezi kuanguka kwenye shimo hili, kwa sababu pembetatu inamlazimisha kusoma nukta mbili.

Nikiwa bado nafundisha nilisahihisha daftari la mwanafunzi aliyekuwa amepata mchapuko sahihi katika maswali manne mfululizo, nikamwekea tiki nne. Katika swali la tano gari lilianza likiwa tayari na kasi, naye akakosa vibaya. Nilipomwuliza anionyeshe alivyofanya, nikagundua kwamba katika yale manne pia alikuwa amefanya kosa lile lile, na mimi sikuliona kwa sababu maswali yote manne yalianzia sifuri. Kosa lilikuwa langu, la kuchagua maswali. Tangu hapo sijatoa zoezi la mchapuko lenye mistari inayoanzia sifuri pekee.

Tuje kwenye grafu ya juu, ya umbali na muda. Ili kuichora tunahitaji kujua kijana alikuwa wapi kila wakati, na hayo yamo ndani ya grafu ya chini: eneo lililo kati ya mstari wa kasi na mhimili wa muda ni umbali uliosafiriwa. Kwa kipande kilicholala ni wazi, kwani mita 4 kwa sekunde kwa sekunde 20 ni mita 80, na huo ndio mstatili wenye kimo 4 na upana 20. Kwa kipande kinachopanda, eneo ni pembetatu: nusu ya 8 mara 4, yaani mita 16. Kwa kipande cha breki ni nusu ya 4 mara 4, mita 8. Jumla ni mita 104. Wazo hili la kwamba eneo la umbo linaweza kusimama badala ya umbali ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Nicole Oresme, mwanazuoni wa Kifaransa wa karne ya 14, alikwishalichora.

Basi sekunde ya 8 kijana yuko mita 16, sekunde ya 28 yuko mita 96, sekunde ya 32 yuko mita 104, na anabaki hapo 104 hadi sekunde ya 42. Ukiunganisha nukta hizo kwa rula utakuwa umekosea vipande viwili kati ya vinne. Kati ya sekunde ya 8 na ya 28 rula inafaa, kwa kuwa kasi haibadiliki. Kati ya 32 na 42 rula inafaa pia, na mstari umelala kwenye 104. Lakini katika sekunde 8 za mwanzo kijana hakukata mita sawa kila sekunde. Kwa kuchukua pembetatu ndogo ndogo chini ya mstari wa kasi utapata kwamba baada ya sekunde 2 alikuwa amekwenda mita 1, baada ya 4 mita 4, baada ya 6 mita 9, baada ya 8 mita 16. Tia nukta hizo kwenye karatasi ya grafu, kisha uziunganishe kwa mkono, polepole: mstari unaanza karibu umelala, halafu unapinda kwenda juu na kuzidi kuwa mkali. Katika sekunde za breki ni kinyume chake. Kutoka mita 96 anafika 99.5 baada ya sekunde moja, 102 baada ya mbili, 103.5 baada ya tatu, 104 baada ya nne. Mstari bado unapanda, ila unajilaza kidogo kidogo mpaka unalala kabisa.

Kwenye grafu hii ya juu, mwinamo ni kasi. Kwa kipande kilichonyooka unausoma kama ulivyosoma mwinamo mwingine wowote: (96 − 16) ÷ (28 − 8) = 80 ÷ 20 = 4 m/s, na ukishusha macho kwenye grafu ya chini unaikuta hiyo 4 pale pale. Huo ndio uhusiano wa grafu hizi mbili wote: mwinamo wa ya juu ndio kimo cha ya chini. Juu mstari ukiwa mkali, chini mstari uko mbali na sifuri. Juu mstari ukilala, chini mstari uko kwenye sifuri.

Na mchapuko je, hauonekani kwenye grafu ya juu? Unaonekana, lakini hausomwi moja kwa moja. Unaonekana katika kupinda. Mstari wa umbali ulionyooka, hata uwe mkali namna gani, una mchapuko sifuri, kwa kuwa mwinamo wake haubadiliki. Hili linawashinda wengi, kwani jicho likiona mstari unaopanda kwa ukali linadhani kitu kinaongeza kasi. Ukiona mstari wa umbali unapinda kwenda juu kama ukingo wa ndani wa bakuli, kasi inaongezeka. Ukiona bado unapanda lakini unapinda kujilaza, kama mgongo wa bakuli lililofunikwa, kasi inapungua.

Ukitaka namba ya mchapuko kutoka kwenye grafu iliyopinda, kazi inakuwa ya hatua mbili. Kwanza unatafuta kasi katika sekunde mbili tofauti, kila moja kwa tanjenti, yaani mstari ulionyooka unaogusa mpindo katika nukta moja tu bila kuukata. Kisha unagawanya tofauti ya kasi hizo kwa muda ulio kati yake. Tufanye hivyo kwa kijana wetu. Weka rula kwenye nukta ya sekunde ya 4, mita 4. Izungushe taratibu mpaka nafasi kati ya rula na mpindo upande wa kushoto ifanane na nafasi upande wa kulia, kisha chora mstari mrefu. Ukichora vizuri utauona unakata mhimili wa muda kwenye sekunde ya 2, na kwenye sekunde ya 8 umefika mita 12. Mwinamo wake ni (12 − 0) ÷ (8 − 2) = 2 m/s. Sasa hamia sekunde ya 6, mita 9. Tanjenti ya hapo inakata mhimili wa muda kwenye sekunde ya 3, na kwenye sekunde ya 8 imefika mita 15, hivyo mwinamo ni 15 ÷ 5 = 3 m/s. Kati ya sekunde ya 4 na ya 6 kasi imepanda kutoka 2 hadi 3, kwa hiyo mchapuko ni (3 − 2) ÷ (6 − 4) = 0.5 m/s², ule ule tuliousoma kwa pembetatu moja kwenye grafu ya chini.

Tanjenti ya mkono haitoki sawasawa kila mara. Ukipata 2.9 au 3.2 badala ya 3 usifute karatasi. Lakini fahamu kwamba kosa dogo katika kila tanjenti linaonekana kubwa ukishatoa moja kutoka kwa nyingine. Mtu akipata 3.2 na 1.9, mchapuko wake unakuwa 0.65, na huo umepotoka kwa karibu theluthi moja ingawa kila tanjenti peke yake ilikaribia sana kuwa sahihi. Ndiyo sababu, ukipewa grafu zote mbili, mchapuko utafute kwenye ya kasi. Jambo lingine la kuepuka hapa ni kugawanya umbali kwa muda kwenye mpindo: 9 ÷ 6 inatoa 1.5, na hiyo ni kasi ya wastani tangu aanze, wala si kasi aliyokuwa nayo katika sekunde ya 6, ambayo ni mara mbili yake.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama mpindo wako umechorwa sawa. Pale sekunde ya 8, mpindo unapokutana na mstari ulionyooka, pasiwe na kona. Mpindo unafika hapo ukiwa na mwinamo wa 4, na mstari ulionyooka unaondoka na mwinamo wa 4, kwa hiyo viungane laini kiasi kwamba kidole hakisikii mahali vilipoungana. Kona kwenye grafu ya umbali ingemaanisha kasi imeruka kutoka namba moja kwenda nyingine bila kupitia katikati, na baiskeli haiwezi kufanya hivyo. Kwenye grafu ya kasi tumechora kona kwenye sekunde ya 8 na ya 28, na vitabu vyote huzichora, nazo ni kurahisisha tu: maana yake ni kwamba mchapuko ndio ulioruka. Kwa kweli kijana hakuacha kukanyaga kwa nguvu ghafla kiasi hicho, na video ilionyesha kona hizo zimeviringika kidogo.

Nisogee kwenye maabara kidogo, kwa kuwa hapo mchapuko unaweza kuushika kwa mkono. Shule nyingi zina kile kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Kikiendeshwa na umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, kinagonga nukta 50 kila sekunde, hivyo kutoka nukta hadi nukta ni sekunde 0.02, na nafasi 10 ni sekunde 0.2. Kata utepe katika vipande vya nafasi kumi kumi, uvibandike wima kwenye daftari kimoja baada ya kingine bila kuacha pengo, na utaona ngazi inayopanda. Ngazi hiyo ni grafu ya kasi na muda, iliyojichora yenyewe, kwa sababu kila kipande kimechukua muda sawa na hivyo urefu wake ndio kipimo cha kasi. Tuseme vipande vinne vina urefu wa sentimita 1.2, 2.0, 2.8 na 3.6. Ukigawanya kila kimoja kwa 0.2 unapata kasi za sentimita 6, 10, 14 na 18 kwa sekunde.

Mchapuko wa kigari hicho ni (18 − 6) gawa kwa muda gani? Wengi huandika 0.8, kwa kuwa vipande ni vinne na kila kimoja ni 0.2, wanapata sentimita 15 kwa sekunde kwa sekunde. Si sahihi. Sentimita 6 kwa sekunde ni kasi ya katikati ya kipande cha kwanza, na 18 ni kasi ya katikati ya kipande cha nne, na kutoka katikati hadi katikati kuna hatua tatu tu, yaani sekunde 0.6. Jibu ni 12 ÷ 0.6 = 20 cm/s², ambayo ni 0.2 m/s². Ukitaka kujihakikishia, angalia kasi inavyopanda kutoka kipande kimoja hadi kinachofuata: inapanda 4 kila sekunde 0.2, na 4 ÷ 0.2 ni 20. Kosa la 0.8 ni lile lile la kwako la kugawanya kwa muda wote badala ya muda uliopita kati ya nukta mbili, isipokuwa hapa limevaa nguo nyingine.

Nimalizie na alama ya kutoa, ambayo hukuiuliza lakini itakukuta hivi karibuni. Tulipata −1 m/s² wakati wa breki, na wanafunzi hujenga hapo imani mbili mbovu: kwamba mchapuko hasi maana yake kitu kinarudi nyuma, na kwamba mchapuko hasi maana yake kitu kinapunguza kasi. Ya kwanza unaweza kuikataa sasa hivi. Katika sekunde zote za breki mstari wa kasi ulikuwa juu ya sifuri, kwa hiyo kijana alikuwa bado anakwenda mbele, na umbali wake ulikuwa unaongezeka kutoka 96 hadi 104. Kwenye grafu ya kasi, kurudi nyuma hakuonekani kwa mstari kushuka. Kunaonekana kwa mstari kuwa chini ya mhimili wa muda.

Ya pili inahitaji tumrudishe kijana. Baada ya kupumzika, kwenye sekunde ya 42, aligeuza baiskeli akaanza kurudi alikotoka. Kwa kuwa kwenda mbele tumekupa alama ya kujumlisha, kasi ya kurudi ina alama ya kutoa. Tuseme kasi yake ilitoka 0 ikafika −3 m/s kwenye sekunde ya 48. Mchapuko ni (−3 − 0) ÷ (48 − 42) = −0.5 m/s². Ni hasi, na bado kijana anaongeza kasi, tena kwa nguvu ile ile aliyoanza nayo. Kitu kinapunguza kasi pale alama ya mchapuko inapokuwa kinyume na alama ya kasi. Zikifanana, kinaongeza, hata zote zikiwa za kutoa. Kwenye karatasi ni rahisi kuliko kwa maneno: mstari wa kasi ukisogea karibu na mhimili wa muda, kutoka juu au kutoka chini, kasi inapungua; ukiuacha mhimili na kwenda mbali nao, inaongezeka.

Katika sekunde hizo 6 alikata nusu ya 6 mara 3, yaani mita 9 za kurudi. Hapo grafu yetu ya juu inakuuliza swali, na usiposoma mhimili wa kusimama utajibu vibaya. Kama pembeni umeandika umbali wote aliosafiri, mstari unaendelea kupanda, kwa sababu mita alizokata haziwezi kupungua, na kwenye sekunde ya 48 unafika 113. Kama umeandika umbali kutoka alama ya kwanza ya chaki, mstari unashuka kutoka 104 hadi 95, ukipinda kwenda chini, na mwinamo wake pale mwisho ni −3. Hii ya pili ndiyo inayokubaliana na grafu ya kasi yenye alama, na ndiyo ninayokushauri uchore. Rudi nayo kwenye karatasi yako, uendeleze kijana hadi abane tena breki na kusimama, kisha utazame mchapuko wake una alama gani katika sekunde hizo.